Dirisha la Kamari Linaposema Kweli Nusu

Jioni moja mwanafunzi wangu wa hapa Garissa alibaki darasani wenzake walipokwisha kutoka, akanionyesha simu yake kwa haya. "Mwalimu, wewe ni mtu wa lugha," aliniambia, "hebu nisomee maneno haya, maana mimi naona nimeshinda lakini pesa sizioni." Nilielewa haya yake. Katika mji huu kamari ni haramu kwa walio wengi, na mtu akicheza hucheza peke yake chini ya shuka, pasiwepo wa kumwambia kwamba usiku umekwenda. Mwenzi aliye naye ni kile kidirisha ambacho baadhi ya tovuti za kamari humchomozea mchezaji kila baada ya muda fulani kumkumbusha amekaa kwa muda gani na amefanya nini.

Kidirisha chake kilisema hivi: umecheza dakika 30, umeweka dau la shilingi 2,400, ushindi wako ni 2,220. Chini yake palikuwa na kitufe kikubwa cha kuendelea, na kingine chembamba cha kutoka.

Hakuna neno la uongo hapo, na ndipo shida ilipo. Kijana aliweka shilingi 500 kwa M-Pesa, akacheza Aviator, ule mchezo wa ndege ambao mzunguko wake mara nyingi haumalizi hata dakika moja. Alitia dau la shilingi 50 mara 48. Hizo ndizo 2,400. Shilingi zile zile zilikuwa zikienda na kurudi, na kila zilizorudi, dau lake mwenyewe likiwamo, ziliitwa ushindi. Katika Kiswahili cha kawaida aliyeshinda ametoka na ziada. Hapa ziada haipo: toa 2,400 katika 2,220 na utaona amepungukiwa 180. Salio lake lilikuwa 320. Lugha ilimpa nambari mbili na kumwachia hesabu ya tatu, ambayo ndiyo aliyoihitaji.

Akaongeza shilingi 300. Kwa bahati mbaya mtandao ulikatika, akaingia upya, na kipima muda kikaanza tena sifuri. Usiku wa manane tovuti ilimwambia kwamba kipindi hicho kimempotezea 170, naye akalala akijua hivyo. Lakini alikuwa ametoa 800 na kubakiwa na 450. Usiku ulimla 350. Katika tovuti nyingi kipindi huanza mtu anapoingia na kufa anapotoka, na tovuti moja haijui aliyoyafanya kwenye nyingine. Aliyekiweka kidirisha kitokee kila dakika 30, kisha akawa anatoka na kuingia kila dakika 20, hatakiona kamwe.

Uingereza waliligusa jambo hili: tangu Oktoba 2021, michezo ya mashine za sloti mtandaoni hutakiwa kumwonyesha mchezaji muda aliokaa na faida au hasara halisi ya kipindi. Hilo huondoa utata wa neno "ushindi", ingawa haliunganishi vipindi viwili.

Nakiri pia, kwa masikitiko ya mtu wa lugha, kwamba maneno mazuri yana kikomo. Michael Auer na Mark Griffiths walichapisha mwaka 2015 utafiti juu ya wachezaji waliotokewa na ujumbe baada ya kucheza mara 1,000 mfululizo. Ujumbe mfupi ulisimamisha asilimia 0.67 ya vipindi. Ulioandikwa kwa uangalifu zaidi ulisimamisha asilimia 1.39. Ni mara mbili, na bado ni chini ya 2 katika 100. Kidirisha huuliza tu, hakizuii mkono.

Basi nilimwambia kijana, kama hataacha, asikisome kabla ya kujijibu. Kabla ya kuingia aandike kwenye karatasi saa na salio alilo nalo, na kila pesa anayoiongeza aiandike chini yake. Akiweka muda, uwe dakika 15. Kidirisha kikitokea, kwanza akisie kwa sauti amepoteza kiasi gani, kisha atoe salio katika jumla ya karatasi, na mwisho alinganishe maandishi yake na taarifa ya M-Pesa, ambayo haijui vipindi. Kisio kikiwa mara kwa mara chini ya hesabu, au kidole kikibonyeza "endelea" kabla ya jicho kusoma, kidirisha kimekwisha kazi. Aombe tovuti imwekee kikomo cha kuweka pesa au imfungie akaunti.

Juma lililofuata alirudi na karatasi yake. Aliuliza kama ya usiku mwingine ianze na sifuri. Nilimwambia iendelee pale pale kwenye 350, na kwamba hilo si deni analomdai mwenye mchezo. Ni pesa iliyokwisha kutumika, kama nauli ya basi la juzi kwenda Nairobi.