Umeme Uliolipiwa Usipofika Kwenye Mita

Mteja wa LUKU anayenunua umeme kwa simu hanunui umeme wenyewe moja kwa moja. Ananunua tokeni, yaani namba ya tarakimu 20 iliyotengenezwa kwa ajili ya mita moja tu. Mita nyingi za aina hii hazina mawasiliano na TANESCO. Hazijui kama mteja amelipa mpaka namba hiyo ibonyezwe juu yake. Ndiyo maana fedha inaweza kukatwa na nyumba ikabaki gizani.

Malipo hupita mikono kadhaa. Kwanza kampuni ya simu au benki hukata fedha. Taarifa huenda kwenye mfumo wa malipo ya Serikali, kisha kwenye mfumo wa LUKU, ambao hutengeneza tokeni na kuirudisha kwa ujumbe mfupi. Tatizo likitokea, swali la kwanza ni moja: fedha imekwama wapi? Jibu lake ndilo linaloonyesha ushahidi upelekwe kwa nani.

Tuchukue mfano wa mteja wa nyumbani aliye kwenye bei ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, aliyelipa shilingi 10,000 usiku. Kama mita yake haikatwi kodi ya jengo wala deni, ujumbe kamili wa ununuzi utaonyesha gharama ya umeme, VAT, tozo ya EWURA na ya REA, pamoja na uniti 28 hivi na tokeni yenyewe. Yeye amepata ujumbe mmoja tu, wa kampuni ya simu, unaosema kuwa malipo yamekamilika. Ujumbe huo unathibitisha kwamba fedha imetoka kwake. Hauthibitishi kwamba tokeni imetengenezwa.

Hatua ya kwanza ni kutazama salio na orodha ya miamala. Ikiwa fedha imerudishwa, muamala umefutwa na hakuna cha kudai TANESCO. Ikiwa muamala bado unasubiri, wa kuulizwa ni kampuni ya simu au benki, kwa sababu huenda malipo hayajafika mbele. Ikiwa umekamilika na fedha haijarudi, ushahidi upelekwe TANESCO, kwa kupiga namba 180 au kwenda ofisi ya karibu. Ikionekana huko kwamba malipo hayakufika, mteja arudi kwa aliyekata fedha, safari hii akiwa na jibu hilo mkononi.

Ushahidi unaosaidia ni ule unaomwezesha mhudumu kuutafuta muamala kwenye mfumo: namba ya mita, kiasi, tarehe na saa, namba ya simu iliyolipa na kumbukumbu namba ya muamala. Picha ya ujumbe iliyokatwa pembeni, ikakosa kumbukumbu namba, humlazimu mhudumu aanze kuuliza upya. Namba ya siri haihitajiki kamwe. Anayejiita mhudumu akaiomba ni tapeli.

Malipo yakionekana kwenye LUKU, tokeni hutumwa tena. Mteja hana haja ya kuogopa kuomba hivyo, wala mhudumu hana sababu ya kumshuku. Ndani ya kila tokeni kuna alama ya wakati ilipotengenezwa, na mita huweka kumbukumbu ya alama zilizokwisha kuingia. Tokeni ileile ikibonyezwa mara mbili, ya pili hukataliwa.

Kuna pia tokeni inayofika ikagoma. Mita nyingi huandika "used" ikiwa tokeni imeshaingia. Hapo salio la uniti litazamwe kabla ya kulalamika, maana huenda mtu mwingine nyumbani ameshaiingiza. "Reject" mara nyingi humaanisha tarakimu zimekosewa au tokeni ni ya mita nyingine. Namba ya mita iliyo kwenye ujumbe ilinganishwe na ile iliyo kwenye mita yenyewe. Mita ambayo haikuboreshwa kabla ya Novemba 24, 2024, siku ambayo hesabu ya wakati ya mfumo huu ilifika ukomo duniani kote, nayo hukataa tokeni mpya mpaka iingizwe kwanza tokeni maalumu za maboresho.

TANESCO wakishindwa kulimaliza lalamiko, mteja ana haki ya kulipeleka EWURA, mdhibiti wa huduma hiyo, akiambatanisha ushahidi wa malipo na rekodi ya lini aliripoti. Kwa hiyo ujumbe wa malipo usifutwe mpaka uniti zionekane kwenye mita.