Akaunti ya Google Iondolewe Kabla ya Kufuta Simu Inayouzwa

Simu ya Android inayouzwa au kupewa mtu mwingine hurejeshwa katika hali ya kiwandani ili picha, ujumbe na programu za mmiliki wa awali zifutike. Kufuta kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Usumbufu hutokana na hatua zilizorukwa kabla yake, hususan kuondoa akaunti ya Google.

Tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, Android ina kinga dhidi ya wizi. Simu ikifutwa kwa vitufe vya kuwashia na vya sauti, bila kupitia mipangilio yake, hudai akaunti iliyokuwa ikitumika humo pindi inapowashwa. Kinga hiyo haimtofautishi mwizi na mnunuzi halali. Mathalani, mkazi wa Mwanza aliyesahau namba ya siri ya kufungulia simu anaifuta kwa vitufe, kisha anamuuzia mtu wa Dodoma. Mnunuzi atapata simu isiyo na picha hata moja, lakini hataweza kuitumia hadi muuzaji aingize nywila yake.

Kabla ya kufuta, nakala ya picha ihifadhiwe kwingine, na majina ya simu yaliyomo kwenye kumbukumbu ya simu pekee yahamishiwe kwenye akaunti. Kwa WhatsApp, mmiliki afungue Settings, Chats, kisha Chat backup, na kuangalia tarehe ya nakala ya mwisho. Salio la fedha za mtandao halipotei, kwa kuwa limo katika mifumo ya kampuni ya simu. Ujumbe wa miamala uliotunzwa kwenye simu ndio unaopotea, jambo linalopaswa kukumbukwa na mfanyabiashara anayeutumia kama stakabadhi.

Hatua inayofuata ni kufungua Settings, kuchagua akaunti na kubonyeza Remove account. Aliyebadili nywila ya Google karibuni asubiri saa 24 kabla ya kufuta simu. Ndipo huchaguliwa Erase all data (factory reset), betri ikiwa na chaji ya kutosha. Simu ikiwaka, iunganishwe na intaneti mbele ya mnunuzi. Ikidai akaunti ya zamani, kazi haijakamilika, na ni busara mnunuzi asilipe kwanza.

Yapo yanayobaki. Laini na kadi ya kumbukumbu hutolewa kwa mkono, kwani ufutaji wa kawaida hauzigusi. Toleo la Android lililosasishwa halirudi nyuma, na namba ya IMEI, inayoonekana kwa kupiga *#06#, haibadiliki. Laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole nayo huendelea kuwa ya aliyeisajili, hata ikiachwa ndani ya simu iliyouzwa.