Tawi kubwa, tawi dogo na alama za wateja

Tuchukue benki ya kubuni yenye matawi matatu. Tawi la Kariakoo huhudumia wateja 9,000 kwa mwezi, la Morogoro 2,500, na la Mafia 500. Wateja hutoa alama kuanzia 1 hadi 5. Kariakoo imepata wastani wa 3.2, Morogoro 4.0, Mafia 4.8. Meneja anajumlisha alama hizo tatu, anagawanya kwa tatu, anapata 4.0 na kuipeleka makao makuu akiwa na furaha.

Hesabu haina kosa, ila inampa mteja mmoja wa Mafia nguvu sawa na wateja 18 wa Kariakoo. Foleni ndefu ya Kariakoo, inayowakera watu wengi zaidi kuliko wote, imefichwa na kisiwa chenye wateja wachache.

Dawa yake ni wastani wenye uzito. Zidisha alama za kila tawi kwa idadi ya wateja wake: Kariakoo 28,800, Morogoro 10,000, Mafia 2,400. Jumla ni 41,200. Igawanye kwa wateja wote 12,000, nawe unapata 3.43. Kwenye Excel, ukiweka wateja safu ya B na alama safu ya C, fomula ni hii:

```
=SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)/SUM(B2:B4)
```

Wengi hudhani watakwepa kazi hii kwa kumwaga fomu zote kwenye kapu moja na kutafuta wastani wake. Hapo ndipo penye mtego. Tuseme fomu zilizorudi ni 90 kutoka Kariakoo, 110 Morogoro na 100 Mafia. Wastani wa kapu hilo ni 4.03, mbali na ukweli kuliko hata ule wa meneja! Uzito umekuwa wa fomu, si wa wateja: Mafia yenye wateja 4 katika kila 100 imeshika theluthi ya fomu. Kwa hiyo uzito uchukuliwe kwenye daftari la huduma, kamwe usitokane na idadi ya waliojibu.

Uzito nao una hila yake. Mwezi unaofuata wateja 3,000 wakihama Kariakoo na Morogoro ikapata 3,000 wapya, huku alama za kila tawi zikibaki zilezile, alama ya benki itapanda hadi 3.63 bila yeyote kuboresha chochote. Anayetaka kulinganisha miezi afadhali afunge uzito wa mwaka mzima, aubadilishe Januari.

Na Mafia? Huduma yake ikiporomoka kutoka 4.8 hadi 2.8, alama ya benki itashuka kwa 0.08 tu, na hakuna atakayeshtuka makao makuu. Ndiyo maana alama ya kila tawi huandikwa kando ya ile ya jumla, pamoja na idadi ya fomu zilizorudi.