Safari moja, meseji tatu: mbona kadi imekatwa mara tatu?

Tuseme umetoka Magunga ukafika Nairobi alfajiri, ukaita teksi kwa simu ikupeleke hospitalini. Umelipa kwa kadi pepe inayotoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako ya simu, ambayo ina Sh2,000. Jioni unapata makato matatu: Sh100, Sh530 na Sh50. Ni rahisi kudhani umeibiwa. Tuyafuate moja baada ya jingine.

Sh100 ni ada ya kughairi. Uliita gari la kwanza, dereva akafika na kungoja, kisha ukaghairi. Kampuni ya teksi inaihesabu oda hiyo kivyake, hata kama hukupanda gari. Kama salio halikutosha wakati huo, ada hubaki kama deni na inaweza kukatwa siku nyingine, ukiwa umeshasahau.

Sh530 ni nauli yenyewe. Ulipoita gari la pili, makadirio yalikuwa Sh500, na kampuni ikaomba kiasi hicho kizuiliwe kwenye kadi. Hapo pesa haijalipwa, imeshikiliwa tu, na huenda ukaona neno `Pending`. Jamu ikaongeza nauli ikafika Sh530, kwa hivyo likaja ombi jipya la kiasi kamili.

Sh50 ni bakshishi, ile tunayoiita tipu. Uliiongeza baada ya kushuka, nauli ikiwa imeshafungwa. Malipo yaliyofungwa hayaongezwi, ndiyo maana tipu huja kama malipo mapya.

Jumla ni Sh680, na salio linafaa kuwa Sh1,320. Lakini ile Sh500 ikiwa bado imeshikiliwa, unaweza kutumia Sh820 pekee. Hapa ndipo wengi hukwama: nauli ya basi ya kurudi Homa Bay na gari la kukufikisha Magunga iko kwenye akaunti, lakini haitoki. Pesa iliyoshikiliwa inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa. Kwa hivyo, kama unategemea salio hilo kurudi nyumbani, lipa teksi kwa keshi, au weka nauli ya kurudi kando kabla ya kuita gari.

Ukiwa na shaka, fungua historia ya safari kwenye programu ya teksi ulinganishe kila risiti na meseji zetu. Kumbuka kuangalia pia oda ulizoghairi. Ukiona ada ya kughairi ilhali dereva ndiye aliyekataa kuja, lalamika kwa kampuni ya teksi kupitia oda hiyohiyo, kwa sababu ndiyo iliyoitoza na ndiyo inayoweza kuirudisha. Lakini kato lisilo na risiti yoyote, au ile Sh500 ikigeuka kuwa malipo kamili juu ya Sh530, ni jambo letu. Kato usilolitambua kabisa likija, funga kadi kwanza, halafu utupigie.