Kiporo Ndani ya Folda: Jinsi ya Kuizuia Kompyuta Isirudie Faili la Jana

Jumatano asubuhi, mama muuza dagaa anafika dirishani kwenye chama chake cha akiba na mikopo, simu mkononi. Jumatatu aliweka shilingi 30,000 kwa njia ya simu. Leo alfajiri ameletewa ujumbe kwamba ameweka 30,000 nyingine.

"Mwanangu, hebu niangalizie. Hela hii ya pili si yangu."

"Shikamoo, mama. Mbona mfumo unaonyesha umeweka tena?"

"Marahaba. Jana nilishinda msibani, sijaweka hata senti."

Nyuma yake yupo kijana mwenye lalamiko la kinyume. Alilipa rejesho la mkopo Jumanne, lakini mfumo unasema hajalipa na umeshamtoza faini. Karani anadhani ana matatizo mawili. Kumbe ni moja: usiku wa kuamkia Jumatano kompyuta ililishwa kiporo. Chama hiki ni cha mfano tu, ila kosa lenyewe nimelikuta zaidi ya mara moja katika kazi yangu ya kutunza mifumo.

Mambo huenda hivi. Kila usiku, kama saa saba, benki hutuma faili la miamala ya siku iliyopita kwenye folda ya chama. Saa nane usiku programu iitwayo `cron` huamsha kazi ya kuingiza miamala hiyo kwenye akaunti za wanachama. `cron` inajua jambo moja tu, nalo ni saa. Ikifika saa nane inaanzisha kazi, faili liwe limefika au halijafika.

Usiku ule mtandao wa benki ulikatika na faili la Jumanne halikufika. Laiti folda ingekuwa tupu, kazi ingekwama na mtu angejua. Lakini faili la kila siku lilikuwa na jina lilelile, `miamala.csv`, na jipya huandikwa juu ya la zamani. Kwa kuwa jipya halikuja, la Jumatatu lilibaki palepale. Kazi ikalikuta, ikalisoma mstari kwa mstari, ikamaliza bila kulalamika na kuandika kwamba imefanikiwa. Kiporo cha wali hujulikana kwa harufu, lakini faili la jana halichachi. Dalili yake ipo kwenye hesabu: jumla ya siku mbili mfululizo inapolingana hadi shilingi ya mwisho, simamisha kila kitu uchunguze.

Wengi wakishaungua hukimbilia kuangalia saa ambayo faili liliandikwa kwenye diski. Kipimo hicho hakitoshi. Mtu akinakili faili la zamani, au akilirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba, kompyuta inaweza kuligonga muhuri wa saa ya leo. Hata kuweka tarehe kwenye jina, ingawa ni desturi nzuri, hakumalizi kazi, maana mtumaji anaweza kulipa jina jipya faili lenye miamala ya zamani. Chakula hupimwa ndani ya sufuria, si kwa kutazama kifuniko.

Kwa hiyo kubaliana na mtumaji kwamba mstari wa kwanza wa faili utaje mambo matatu: siku ya miamala, idadi ya miamala na jumla ya fedha. Faili la Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, lingeanza hivi:

```
MIAMALA,2025-03-11,412,18640500
```

Kabla ya kugusa akaunti yoyote, kazi isome mstari huo na kuulinganisha na siku inayotarajiwa:

```
export TZ=Africa/Dar_es_Salaam
SIKU=$(date -d yesterday +%F)
NDANI=$(head -n 1 miamala.csv | cut -d, -f2)
[ "$NDANI" = "$SIKU" ] || exit 1
```

Mstari wa pili unatafuta tarehe ya jana, wa tatu unasoma tarehe iliyo ndani ya faili, na wa nne unasimamisha kazi zisipolingana. Baada ya hapo kazi ihesabu: je, miamala ni 412 kweli, na jumla ni 18,640,500? Hesabu hii inakamata ugonjwa mwingine, faili la leo lililofika nusu kwa sababu lilikuwa bado linapakiwa saa nane ilipogonga.

Mstari wa kwanza kabisa, ule wa `TZ`, usiudharau. Seva nyingi huwekwa kwenye saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Kwetu ikiwa saa nane usiku wa kuamkia Jumatano, kwa seva hiyo bado ni Jumanne, saa tano usiku. Ukiiuliza jana ni lini, itakujibu Jumatatu. Bila mstari ule, lango ulilolijenga kuzuia kiporo litalipokea faili la Jumatatu kwa mikono miwili, na faili halali la Jumanne litalikataa.

Faili lisipofika, kazi ifanye nini? Isikate tamaa mara moja, kwa sababu mara nyingi mtumaji amechelewa tu. Iangalie tena kila baada ya dakika 10 hadi saa kumi na moja alfajiri. Muda ukiisha, isimame na kumpigia msimamizi wa zamu, na ujumbe useme wazi: "Nilitarajia 2025-03-11, nimekuta 2025-03-10, sijaingiza kitu." Ujumbe wa aina ya "kosa limetokea" humfanya mtu aliyetoka usingizini aanzishe kazi upya kwa mkono, na hapo ndipo kiporo huliwa.

Zipo pia siku ambazo kweli hakuna muamala, kama sikukuu. Mtumaji asinyamaze siku hizo. Atume faili lenye mstari wa kwanza pekee, idadi sifuri na jumla sifuri. Kimya kinaweza kumaanisha hakuna kitu, na kinaweza kumaanisha waya umekatika. Kompyuta haiwezi kukufumbulia fumbo hilo.

Lango la tarehe lina mpaka wake. Benki ikituma faili la Jumanne mara mbili, la pili likiwa na masahihisho, yote mawili yana tarehe sahihi. Kwa hiyo weka ulinzi wa pili kwenye daftari lenyewe la akaunti: nambari ya kila muamala iingie mara moja tu, ikijirudia ikataliwe. Usitumie jina na kiasi kama utambulisho, kwani mama yuleyule anaweza kabisa kuweka 30,000 mara mbili kwa siku moja, na zote zikawa haki yake. Ulinzi huu ungezuia akiba yake isiandikwe maradufu. Lakini peke yake usingemsaidia kijana wa rejesho. Miamala yote ya zamani ingekataliwa, ya Jumanne isingeingia, na usiku ungepita bila mtu kujua. Ndiyo maana lango la tarehe hutangulia.

Sasa rudisha Jumatano ileile, malango yote mawili yakiwepo. Saa kumi na moja alfajiri simu ya msimamizi inalia, naye anawapigia watu wa benki. Faini za marejesho zinasubiri mpaka faili liingie. Saa mbili asubuhi karani anabandika karatasi dirishani: miamala ya Jumanne itaonekana mchana. Kijana anaisoma na kwenda zake bila faini. Mama muuza dagaa hata hafiki, kwa sababu simu yake haikupokea ujumbe wowote, na akiba yake iko vilevile alivyoiacha Jumatatu.