Mbao Mbili Zinapounda T

Weka ubao wa upana wa sentimeta 10 na unene wa sentimeta 2 juu ya matofali mawili, kisha ukalie katikati. Ukiwa umelazwa, utabonyea mpaka uogope. Usimamishe kwa ukingo wake, na kama hautapinduka, utabonyea kidogo sana. Mti ni uleule na uzito ni uleule. Kilichobadilika ni umbali wa chembe za mti kutoka mstari wa katikati, na ndio huo wahandisi wanaoupima kwa kipimo kiitwacho momenti ya pili ya eneo, ambacho huandikwa I. I ikiongezeka mara mbili, boriti hupinda nusu tu ya ilivyokuwa.

Kwa mkato wa mstatili, hesabu ni fupi: I = bh³/12, ambapo b ni upana na h ni kimo. Ubao uliolazwa una 10 × 2³ ÷ 12, yaani 6.67. Uliosimama una 2 × 10³ ÷ 12, yaani 166.67, ambayo ni mara 25. Kizio chake ni sentimeta kwa kipeo cha nne, kwa sababu kila kipande cha eneo huzidishwa kwa mraba wa umbali wake.

Sasa tusimamishe ubao mmoja na kuulaza mwingine juu yake, tupate T yenye kimo cha sentimeta 12. Wanafunzi wengi hushawishika kujumlisha 166.67 na 6.67 na kufunga daftari. Haikubaliki, kwa sababu kila namba imepimwa kutoka katikati ya ubao wake, na T ina katikati yake yenyewe.

Hiyo ndiyo ya kutafutwa kwanza. Tupime kutoka chini. Kila ubao una eneo la 20. Kitovu cha ubao uliosimama kiko kwenye sentimeta 5, na cha uliolala kiko kwenye sentimeta 11, yaani 10 za chini yake na nusu ya unene wake. Kitovu cha T nzima ni (20 × 5 + 20 × 11) ÷ 40, sawa na 8. Kwa hiyo kila ubao uko sentimeta 3 kutoka mhimili wa T, mmoja chini na mwingine juu. Hapa pana kipimo cha bure cha kujihakiki: eneo mara umbali lazima lilingane pande zote mbili. Yasipolingana, usiendelee.

Kuhamisha I kutoka mhimili wa ubao hadi mhimili wa T ni kazi ya kanuni ya mihimili sambamba, ambayo vitabu vingi huiita kwa jina la Jakob Steiner, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 19: I mpya = I ya kitovu + Ad². A ni eneo la kipande na d ni umbali kati ya mihimili miwili. Sababu yake si ngumu. Chembe iliyokuwa umbali y sasa iko umbali y + d, na mraba wake ni y² + 2yd + d². Sehemu ya katikati hufutika, kwa kuwa chembe za juu ya kitovu na za chini yake hulipana. Ukianzia mhimili usiopita kwenye kitovu, hazilipani, na jibu linaharibika.

Kwa mbao zetu, Ad² ni 20 × 3², yaani 180 kwa kila mmoja. Ubao uliosimama unafikia 346.67 na uliolala 186.67. Jumla ni 533.33. Tazama ule uliolala: wake mwenyewe ulikuwa 6.67 tu, karibu wote uliobaki umetokana na kuwekwa mbali.

Kwa mzigo wa kutoka juu, ukingo wa chini wa T uko sentimeta 8 kutoka mhimili na wa juu 4 tu. Mkazo wa kuvutwa chini ni mara mbili ya mkazo wa kubanwa juu, hivyo ufa uutafute kule chini kwanza.

Lakini ile 533.33 ina sharti moja ambalo karatasi haionyeshi: mbao ziwe kitu kimoja. Zikiwekwa tu bila kufungwa, huteleza moja juu ya nyingine, kila moja hupinda kivyake, na I inarudi kuwa 173.33, chini ya theluthi. Misumari michache huipandisha mahali fulani kati ya hizo mbili. Fundi akitaka kuihesabu 360 ya Steiner, apake gundi ya mbao kwenye kiungo chote na kukibana kwa jiriwa mpaka kikauke.