Arobaini na tano mara sita, kisha mia mbili na ishirini

Nilifika Moshono, hapa Arusha, nikitafuta simulizi za enzi za mita za diski, zile zenye sahani ya bati inayozunguka nyuma ya kioo. Mwenyeji wangu ni msoma mita mstaafu aliyeomba nisimtaje jina. Kabla hatujaanza mazungumzo, macho yangu yaliangukia daftari lililokuwa wazi mezani. Ukurasa mzima ulikuwa na safu moja tu ya namba, zimepangwa kwa kalamu ya bluu kutoka juu kwenda chini: 44, 47, 44, 45, 45, 45, 45, 45, 45, 220.

Nikamuuliza ni nini. Akaniambia ni nyumba ya mfano, ile aliyozoea kuwafundishia vijana waliokuwa wakiingia kazini. Kila namba ni yuniti za mwezi mmoja katika nyumba inayolipa umeme baada ya kuutumia.

"Niambie, mwanangu, msomaji aliacha kufika mwezi gani?"

Sikujua. Akaweka kidole kwenye 45 ya kwanza.

"Hapa. Nyumba yenye watu haiwezi kutumia yuniti zile zile miezi sita. Mwezi mmoja kuna msiba, wageni wanalala sebuleni na taa hazizimwi. Mwezi mwingine watoto wako shule ya bweni. Ukiona namba imeganda, ujue hakuna aliyeiangalia mita."

Namba hiyo ndiyo iliyonishika, na simulizi za diski zikasubiri. Nilitaka kujua kwanza kwa nini iligandia 45, na pili ile 220 imetoka wapi.

La kwanza alilijibu kwa kukokotoa mbele yangu. Msomaji akikosa kuiona mita, ofisi inakadiria. Kanuni aliyoifundishia ni wastani wa miezi mitatu iliyotangulia. Jumla ya 44, 47 na 44 ni 135. Ukigawa kwa tatu unapata 45 kamili. Mwezi unaofuata mita haikusomwa tena, kwa hiyo unachukua 47, 44 na ile 45 ya kukadiria. Unapata 45 na nukta kidogo, unaandika 45. Mwezi wa tatu ni 44, 45 na 45, na jibu likikamilishwa linarudi kuwa 45. Kuanzia mwezi wa nne makadirio yanazaa makadirio. Mita halisi haina tena sauti katika hesabu hiyo, hata ingezunguka vipi.

Nayo ilikuwa inazunguka. Katika mfano wake, familia ilipokea ndugu wawili na kununua friji. Matumizi ya kweli yakapanda hadi yuniti 70 kwa mwezi. Wakazi wa Moshono watazielewa sababu za mita kutosomwa bila kuelezwa sana. Mashamba ya migomba na kahawa yamegeuka nyumba za kupanga zenye kuta na mageti, na mchana wenye funguo wako mjini. Masika ikiingia, njia za ndani zinakuwa utelezi. "Unafika getini, unabisha, mbwa ndiye anakuitikia," alisema mzee. "Una nyumba nyingine nyingi za kumaliza siku hiyo. Unaandika 'geti limefungwa', unaondoka."

Mwezi wa saba geti likakutwa wazi. Usomaji wa mwisho wa kweli ulikuwa 18,432. Makadirio ya miezi sita, yaani 270, yalikuwa yameufikisha usomaji wa kwenye karatasi 18,702. Mita yenyewe ilionyesha 18,922. Ofisi ikatoa 18,702 kwenye 18,922, na hapo ndipo 220 ilipozaliwa. Ndani yake mna yuniti 70 za mwezi huo na 150 zilizokuwa zimelimbikizwa, 25 kwa kila mwezi uliokadiriwa.

Hadi hapo nilidhani nimeelewa. Yuniti zilitumika, hazikulipiwa, sasa zinadaiwa. Mzee alitikisa kichwa.

"Yuniti ni za kweli. Mwenye nyumba akikuambia hakuzitumia, mwambie mita haisemi uongo. Sasa angalia bei."

Bei za umeme za TANESCO zilizoidhinishwa na EWURA kuanzia Aprili 2016 zinamweka mtumiaji mdogo wa nyumbani katika kundi la D1. Yuniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja. Inayozidi hapo ni shilingi 350. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, jumla asilimia 22. Punguzo hilo la yuniti 75 linahesabiwa kwa mwezi. Mwezi ukiisha, nafasi ambayo hukuitumia haikufuati.

Nyumba ya mfano ilitumia yuniti 70 kila mwezi, kwa hiyo haikuwahi kuvuka 75. Ingesomwa kila mwezi, isingegusa bei ya 350 hata kwa yuniti moja. Lakini bili ya mwezi wa saba inaziona yuniti 220 kana kwamba zote zilitumika ndani ya siku thelathini. Inazipa 75 za kwanza bei ya 100, yaani shilingi 7,500, na 145 zilizobaki bei ya 350, yaani 50,750. Jumla ni 58,250, na kodi na tozo zikiingia inakuwa 71,065.

Mzee akachora mstari, akaanza upande wa pili. Miezi saba ya yuniti 70 kwa shilingi 100 ni shilingi 49,000; pamoja na kodi na tozo ni 59,780. Familia ilishalipa makadirio ya miezi sita, shilingi 5,490 kila mwezi, jumla 32,940. Kilichobaki kudaiwa kwa haki ni 26,840. Bili inasema 71,065. Tofauti ni shilingi 44,225, na hakuna yuniti hata moja ya ziada iliyotumika kuileta.

Nilizirudia hesabu hizo mwenyewe, kwa sababu sikuamini kwamba kuchelewa kusoma mita peke yake kunaweza kupandisha bei ya umeme ambao umekwisha kutumika. Kunaweza. Kila mwezi uliokadiriwa kwa 45 ulikuwa na nafasi ya yuniti 30 za bei nafuu ambazo hazikujazwa, na 25 kati ya hizo zilikuwa stahili ya familia hiyo. Mwezi ulipofungwa, stahili ikafungwa nayo. Adhabu inamwangukia yule ambaye kundi la D1 liliundwa kumlinda. Jirani yake wa kundi la T1 analipa bei moja, shilingi 292 kwa kila yuniti kabla ya kodi na tozo. Yeye malimbikizo yatamwumiza mfukoni kwa kuja kwa mkupuo, lakini bei ya kila yuniti itabaki ile ile.

Siku hizi nyumba nyingi ziko kwenye LUKU na zinalipia kabla, na yaliyoelezwa hapa yanawahusu wale ambao bado wanapokea bili. Kwao mzee ana ushauri mmoja. Kila mwisho wa mwezi piga picha ya mita, tarehe ionekane. Kwenye mita za diski soma tarakimu nyeusi kutoka kushoto na uiache ile nyekundu ya mwisho, maana hiyo ni sehemu ya yuniti. Kisha linganisha na usomaji wa sasa ulioandikwa kwenye bili. Mita ikiwa mbele sana ya bili, malimbikizo yanakuja. Mita ikiwa nyuma ya bili, umelipishwa umeme ambao hujautumia, na usomaji wa kweli unapaswa kukurudishia. Nchini Kenya kampuni ya umeme ilifungua njia ya mteja kutuma usomaji wake mwenyewe kwa simu, kupitia *977#, ili kadirio lisiwe na sababu ya kuwepo.

Na bili kubwa ikishafika? "Usiende ofisini kusema ni nyingi," alisema. "Kila mtu anasema ni nyingi. Nenda na tarehe mbili: ya usomaji wa kweli wa mwisho, na ya usomaji wa kweli wa sasa. Omba yuniti za katikati zigawanywe kwa miezi ya katikati, kila mwezi upewe 75 zake." Wakikukatalia, malalamiko yanaweza kupelekwa EWURA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha.

Nilimpinga mahali pamoja. Kugawa yuniti 490 za miezi yote kwa saba ni kukadiria pia. Huenda friji ilinunuliwa mwezi wa nne. Huenda miezi mitatu ya kwanza ilikuwa 46 kila mmoja, na minne iliyofuata 88. Basi miezi hiyo minne ilivuka 75 kwa yuniti 13 kila mmoja, na yuniti 52 zilistahili bei ya 350.

Hakubishana. Aligeuza ukurasa, akakokotoa. Kwa mgawanyo huo, miezi saba ingegharimu shilingi 62,000 kabla ya kodi na tozo. Familia ilidaiwa 27,000 za makadirio na 58,250 za mwezi wa saba, jumla 85,250. Hata pale mashaka yangu yalipompa mtoaji huduma faida, mteja bado alikuwa amezidishiwa shilingi 23,250. Kati ya 49,000 na 62,000 mtu anaweza kujadiliana. Kwa nyumba hii, 85,250 ingekuwa kweli pale tu ambapo karibu matumizi yote ya ziada yangetokea ndani ya mwezi mmoja.

"Asiyesoma mita ndiye abebe mashaka," alisema mzee, na mimi naegemea huko. Uingereza, tangu 2018, mdhibiti wao Ofgem amewazuia wauzaji wa umeme kumdai mteja wa nyumbani matumizi ya zaidi ya miezi 12 nyuma, ikiwa kosa la kutotoa bili sahihi si la mteja. Lakini sharti hilo la mwisho ndilo linalotukwamisha Moshono. Geti lilikuwa limefungwa. Msomaji alifika na hakufunguliwa. Je, hilo ni kosa la mwenye nyumba ambaye alikuwa kazini, au la ratiba inayompeleka msomaji saa ambazo watu wako kazini? Mzee alifanya kazi hiyo maisha yake yote, na hapo alinyamaza kidogo kabla ya kuniambia kwamba inategemea msomaji aligonga mara ngapi, na kama aliacha karatasi.

Lipo na swali ambalo hakulijibu kabisa. Tuseme katika nyumba hiyo mpangaji wa chumba cha mbele alihama mwezi wa tano, akalipa sehemu yake ya yuniti 45 na kuaga kwa amani. Aliyeingia alikuta bili ya mwezi wa saba ikigawanywa kwa vichwa vilivyopo. Hata yuniti zikirudishwa kwenye miezi yake, pesa za miezi ile zitadaiwa kwa nani?